Usibandike YEAR mbele ya ISOWEEKNUM

> Wakuu, kila Jumatatu nikisasisha grafu yangu ya Excel ya oda kwa wiki, namba za wiki hazilingani na ripoti ya makao makuu. Mimi natumia WEEKNUM, wao wanasema wanatumia wiki za ISO. Nimeamua nibadilishe kuwa ISOWEEKNUM halafu niweke mwaka mbele kwa YEAR. Itatosha?

Usifanye hivyo. Kama umeshaiandika hiyo fomula, ifute kabla hujasasisha chochote. Nasema kwa ukali kwa sababu fomula hiyo hiyo tuliletewa ofisini kwetu na mkufunzi aliyelipwa, akasema "wiki ni wiki tu, mwaka mnabandika mbele," na tuliishi na uongo wake hadi watu wakapunguziwa zamu kwa kushuka kwa oda ambako hakukuwepo.

Hii ndiyo fomula ninayoisema:

```
=YEAR(A2)&"-"&ISOWEEKNUM(A2)
```

Kila upande peke yake uko sahihi. YEAR inatoa mwaka wa kalenda, ISOWEEKNUM inatoa namba ya wiki ya ISO. Tatizo ni kwamba wiki ya ISO ina mwaka wake, na mwaka huo hauanzi tarehe 1 Januari. Unaanza Jumatatu ya wiki yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari, ambayo pia ndiyo wiki yenye tarehe 4 Januari. Kwa hiyo siku za mwisho za Disemba zinaweza kuwa za wiki ya 1 ya mwaka unaofuata, na siku za mwanzo za Januari zinaweza kuwa za wiki ya 52 au 53 ya mwaka uliopita. Ukichukua mwaka kutoka kalenda moja na wiki kutoka kalenda nyingine, umetengeneza wiki ambayo haipo popote.

Chukua mwisho wa 2024. Tuseme oda ni 100 kila siku, bila kupanda wala kushuka, ili hesabu ionekane vizuri. Jumatatu tarehe 30 Disemba 2024 ilianza wiki ya 1 ya 2025 kwa ISO, na wiki hiyo ikaisha Jumapili tarehe 5 Januari 2025. Ilipaswa kuwa na oda 700. Sasa tazama fomula inavyofanya. Tarehe 30 na 31 Disemba, YEAR inasema 2024 na ISOWEEKNUM inasema 1. Lebo inakuwa 2024-1. Lakini 2024-1 tayari ipo! Ni wiki ya tarehe 1 hadi 7 Januari 2024, miezi kumi na miwili nyuma. Oda 200 za Disemba zinarukia huko na kukaa kimya, na wiki ile inakuwa na 900. Wiki mpya, 2025-1, inabaki na siku tano tu, oda 500.

Bosi anafungua grafu ya kulinganisha wiki ya 1 mwaka huu na wiki ya 1 mwaka jana. Anaona 500 dhidi ya 900. Hiyo ni asilimia 44 chini, wakati biashara haijasogea hata oda moja. Kwetu namba zilikuwa nyingine lakini umbo lilikuwa hili hili, na uamuzi ulifanyika siku ile ile grafu ilipotoka. Mkufunzi alipoulizwa akajibu kwamba data yetu ndiyo chafu. Data ilikuwa safi kabisa. Mtu anayelipwa kufundisha fomula za tarehe na hajawahi kuijaribu fomula yake kwenye tarehe 30 Disemba anafanya kazi mbaya, na sitaacha kulisema hilo. Msinirushie mawe wakufunzi wengine, wapo wanaojaribu kabla ya kufundisha.

Kuna dalili moja ambayo ingetuokoa kama mtu angeijua: baada ya kusasisha, nguzo ya zamani ilibadilika urefu. Wiki ya Januari mwaka uliopita ilikuwa imeshafungwa, haina oda mpya inayoweza kuingia. Ukiona wiki iliyofungwa zamani inanenepa baada ya kusasisha, usitafute oda zilizochelewa kuandikwa kwanza. Tafuta lebo iliyogongana.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kuhesabu siku. Kwa kila lebo ya wiki, hesabu ni tarehe ngapi tofauti zimo ndani yake. Kama unafanya kazi siku zote saba, kila wiki iliyokamilika lazima iwe na saba. Kwenye mfano wetu 2024-1 itaonyesha 9 na 2025-1 itaonyesha 5. Hakuna haja ya kujua chochote kuhusu ISO kuliona hilo.

Sasa kuhusu WEEKNUM unayoitumia leo. Ukiiacha bila hoja ya pili, wiki inaanza Jumapili, na wiki yenye tarehe 1 Januari inaitwa wiki ya 1 hata kama ina siku moja tu ya mwaka mpya. Hivyo mwisho wa 2024 yenyewe inakata: tarehe 29 hadi 31 Disemba zinakuwa wiki ya 53, siku tatu, na tarehe 1 hadi 4 Januari zinakuwa wiki ya 1, siku nne. Kwenye grafu unapata mabonde mawili yaliyofuatana kila mwisho wa mwaka, isipokuwa mwaka mpya ukiangukia Jumapili. Hoja ya 2, yaani WEEKNUM(A2,2), ambayo mkufunzi wetu aliiita "ya kimataifa", inahamisha tu mwanzo wa wiki kwenda Jumatatu. Wiki ya 1 bado ni ile yenye tarehe 1 Januari. Si ISO. Ya ISO ni hoja ya 21, au ISOWEEKNUM yenyewe.

Na hapa ndipo watu wengi wanapolala. Mwaka ukianza kati ya Jumapili na Alhamisi, WEEKNUM ya kawaida na ISO zinatoa namba ile ile kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, ukiacha kingo za mwaka. Ndivyo ilivyo 2023, 2024, 2025 na 2026. Kinachotofautiana ni Jumapili tu, ambayo kwako inafungua wiki mpya na kwa makao makuu inafunga wiki ya zamani. Kwa mtu asiyefanya kazi Jumapili, fomula mbili zinaonekana ndugu. Lakini mwaka ukianza Ijumaa au Jumamosi, kama 2021 na 2022, WEEKNUM inatangulia kwa namba moja karibu mwaka mzima, na Jumapili inatangulia kwa mbili. Tarehe 1 Januari 2027 ni Ijumaa. ISO itaiita wiki ya 53 ya 2026, WEEKNUM itaiita wiki ya 1, na Jumatatu tarehe 4 Januari ISO itaanza wiki ya 1 wakati WEEKNUM iko wiki ya 2. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia "mbona kwangu zinalingana."

Kanuni yangu ni moja: namba ya wiki isiwe kamwe ufunguo wa kukusanyia data. Kusanya kwa tarehe ya Jumatatu ya wiki husika.

```
=A2-WEEKDAY(A2,2)+1
```

Hiyo inarudisha Jumatatu ya tarehe yoyote. Tarehe 30 Disemba, 31 Disemba na 5 Januari zote zinarudi 30 Disemba 2024. Hakuna mwaka wa kubandika, hakuna wiki ya 53 ya kuhangaika nayo, hakuna lebo inayoweza kugongana na ya mwaka jana. Panga data kwa safu hiyo, jenga grafu juu yake. Excel ikiona tarehe itatengeneza mhimili wa tarehe, na nguzo zitakuwa nyembamba kwa sababu zimeachana siku saba saba. Badilisha mhimili uwe wa maandishi, zinarudi unene wake.

Kama makao makuu wanataka kuona namba, iweke kama maandishi ya kuonyesha tu, na mwaka uchukue kwenye Alhamisi ya wiki hiyo:

```
=YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4)&"-W"&TEXT(ISOWEEKNUM(A2),"00")
```

Kwa 30 Disemba 2024, Alhamisi yake ni 2 Januari 2025, kwa hiyo unapata 2025-W01. Ile TEXT ni ya kuweka sifuri, la sivyo wiki ya 10 itapangwa kabla ya wiki ya 2.

Wao wakikutumia jumla zao zikiwa na mwaka kwenye seli ya B2 na namba ya wiki kwenye C2, zigeuze kuwa Jumatatu kwanza ndipo uziunganishe na zako:

```
=DATE(B2,1,4)-WEEKDAY(DATE(B2,1,4),2)+1+7*(C2-1)
```

Hii inafanya kazi tu kama wiki zao, pamoja na mwaka wake, ni za ISO kweli. Usiamini neno lao, uliza swali moja: Jumapili tarehe 9 Januari 2022 mmeihesabu wiki ya ngapi? Wakisema ya 1, ni ISO. Wakisema ya 2, bado si ISO, usiitumie fomula hii. Wakisema ya 3, wiki zao zinaanza Jumapili, na hapo hakuna fomula itakayokusaidia. Jumla iliyokwisha kukusanywa Jumapili hadi Jumamosi haigeuzwi kuwa Jumatatu hadi Jumapili, kwa sababu huwezi kujua ni oda ngapi kati yake zilikuwa za Jumapili. Omba data ya siku kwa siku.

Na kwa kuwa unasasisha Jumatatu, kata wiki ambayo haijakamilika. Ukiwa na wiki ya Jumapili, Jumatatu asubuhi nguzo ya mwisho ina siku moja na kidogo, na kila mara mtu ataisoma kama anguko. Ukiwa na safu ya Jumatatu, chuja zibaki zile zilizo ndogo kuliko Jumatatu ya leo:

```
=TODAY()-WEEKDAY(TODAY(),2)+1
```

Kabla ya kutuma faili, tengeneza safu ya tarehe kutoka 20 Disemba 2026 hadi 15 Januari 2027, pitisha fomula zako zote juu yake, hesabu siku kwa kila wiki. Ukiacha wiki mbili za pembeni, ambazo safu yako imezikata katikati, popote usipopata saba usitume.