Laki saba na nusu zilizonipotea kwenye Kiingereza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Korogwe kaniandikia. Amepewa ripoti ya mwaka ya kikundi chao aiweke kwa Kiingereza, mfadhili anaisubiri, na anaona ni kazi ya jioni moja. Dada yangu, hata mimi niliona hivyo.

Miaka mitatu iliyopita nilitafsiri ripoti ya kikundi cha akina mama wanaolima mboga huko Lushoto. Aya iliyoniangusha ilikuwa hii:

"Kikundi kilikusanya shilingi milioni nne na laki mbili na thelathini. Katika fedha hizo, laki saba na nusu zilizochukuliwa na Mweka Hazina kwa ajili ya pampu bado hazijarejeshwa wala kutolewa stakabadhi. Kamati inakiri kwamba ilimwachia mtu mmoja kitabu cha benki."

Nikaandika 4,200,030. Kila mtu sokoni anajua kwamba "laki mbili na thelathini" ni laki mbili na elfu thelathini, hiyo elfu tunaimeza tu tunapozungumza. Mimi pia najua, maana nimekulia humo. Lakini usiku ule nilikuwa natafsiri neno kwa neno, sikuwa nahesabu. Jedwali la mwisho lilisema matumizi yenye stakabadhi ni 3,480,000. Ongeza 750,000 za pampu, unapata 4,230,000. Ningejumlisha mara moja tu ningeliona kosa.

Siku hizi sigusi sentensi hata moja kabla ya kutoa tarakimu zote kwenye karatasi ya pembeni, kila moja na ukurasa wake, na kuzijumlisha. Zikigoma kukubaliana na jedwali, na kosa likawa la ripoti yenyewe, sirekebishi kimyakimya. Nampigia Katibu, na jibu lake nalitaka kwa maandishi. Ukisahihisha mwenyewe, matoleo mawili ya ripoti yatasema mambo mawili, na atakayeulizwa ni kikundi.

Hata hivyo tarakimu ndiyo iliyosameheka. Kilichoniumiza, na bado kinaniuma, ni ile sentensi ya Mweka Hazina. Niliwaonea huruma wale akina mama. Nikaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba fedha za pampu "zinaendelea kushughulikiwa", nikamwondoa Mweka Hazina, na "kamati inakiri" nikaigeuza "kulikuwa na changamoto za utunzaji wa kumbukumbu". Kwa mfadhili kulikuwa na ofisa anayesoma Kiswahili. Akaweka nakala mbili mezani. Awamu ya pili ya fedha ilisimamishwa, na akina mama waliosema ukweli kwa lugha yao wakaonekana wameuficha kwa lugha ya watu.

Angalia "bado hazijarejeshwa". Ile -ja- inasema deni liko hai, linadaiwa. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba hazikurejeshwa, basi, umelifunga jambo. Ukiandika zitarejeshwa, umetoa ahadi ambayo kamati haikuitoa. Na "zilizochukuliwa na Mweka Hazina" ina mtendaji. Kiingereza kitakuruhusu umdondoshe na sentensi ibaki imenyooka, na hapo ndipo uwajibikaji unapovujia. Kamati ikikiri, nawe andika imekiri.

Ripoti hiyohiyo ilikuwa na "mkopo wa asilimia 10". Hapa namshukuru Mungu niliuliza. Si mkopo wa riba ya asilimia 10! Ni ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, na hauna riba kabisa. Msomaji wa nje hawezi kuyajua hayo, kwa hiyo yaandike kwa kirefu ndani ya sentensi yenyewe.

Vyeo navyo. Mkuu wa Wilaya ameteuliwa na Rais, anaiwakilisha serikali kuu. Mkurugenzi Mtendaji ndiye anayesimamia halmashauri na fedha zake, mkopo huo ukiwemo. Niliwaita wote wawili kwa jina moja la Kiingereza, na barua ya mfadhili ikaenda ofisi isiyohusika. Katibu wa kikundi naye si mpiga chapa. Cheo kikishakushinda, kiache kwa Kiswahili mara ya kwanza na ueleze kazi yake, kisha shikilia neno hilohilo hadi ukurasa wa mwisho.

Kikundi kile hakikuniita tena mwaka uliofuata, wala uliofuata huo. Mwezi jana Katibu wao kanipigia. Nimeipeleka ripoti mpya Jumatatu, tumeisoma pamoja mstari kwa mstari, Kiswahili mkono wa kushoto na Kiingereza mkono wa kulia. Kwenye ukurasa wa sita imeandikwa kwamba katika zile 750,000, Mweka Hazina wa zamani amerejesha 400,000, na 350,000 bado hazijarejeshwa. Mama Katibu aliweka kidole kwenye "bado", akaniuliza iko wapi upande wa pili. Nikamwonyesha, akatia sahihi.