Ipi Ilitangulia? Kusoma Mipigo ya Brashi Katika Picha ya Mchoro

Ninyi mlioanza kazi hii ya kupokea michoro hapa Nairobi mtagundua mapema kwamba siku nyingi hamtaona mchoro wenyewe. Mtaona picha yake, iliyopigwa kwa simu katika studio ya Kilimani au sebuleni kwa mtu huko Banana Hill, na kutokana na picha hiyo mtatakiwa kuamua kama mwenyewe aitwe alete kazi yake. Zamani tulijiuliza tu mchoro ni wa nani na una hali gani. Siku hizi kuna swali linalotangulia hayo, nalo ni kama kuna brashi yoyote iliyowahi kugusa kanvasi hiyo, au picha nzima imezalishwa na akili unde.

Nimewaona wageni wengi wakianza kwa kuhesabu vidole vya watu waliochorwa na kusoma maandishi ya vibao vya maduka. Njia hiyo nisingeitegemea. Mchoraji wa kweli huweza kukosea kidole au kuacha maandishi yakiwa madoa tu, na programu za sasa huchora vidole vitano bila taabu. Mimi huacha kinachoonyeshwa na mchoro, nikaangalia rangi yenyewe ilivyolala.

Sababu ni hii. Mchoro wa mkono hujengwa kwa mfuatano: rangi moja huwekwa, nyingine huja juu yake, na kila iliyofuata hulazimika kuishi na iliyotangulia. Programu nyingi za kuzalisha picha hazifanyi hivyo. Huanza na chembechembe zisizo na mpangilio, kisha huisafisha picha nzima kwa pamoja, hatua kwa hatua, mpaka ifanane na kitu. Hakuna mpigo uliokuja kabla ya mwingine. Programu imejifunza sura ya mipigo, lakini haikupitia mfuatano ulioizaa. Kwa hiyo mahali popote mipigo miwili inapokutana, ulizeni: ipi ilitangulia?

Ili mwulize vizuri, lazima kwanza mjue mpigo mmoja unavyoonekana. Chukueni brashi ya nywele ngumu, ichovyeni katika rangi nzito ya akriliki, mvute mstari mmoja kwenye kanvasi. Mwanzoni rangi ni nyingi na imejaa. Kando mbili za mpigo huinuka vituta vyembamba, kwa kuwa brashi imeisukuma rangi pembeni. Katikati kuna mifereji midogo ya nywele za brashi, nayo hufuatana sambamba tangu mwanzo hadi mwisho, hata mkono unapopinda. Kadiri rangi inavyopungua, mpigo huanza kukwaruza: rangi hushika vichwa vya nyuzi tu na kuacha mashimo yaliyo kati yake. Mwishoni brashi inapoinuliwa, hubaki ncha iliyochanika au kijituta kidogo. Kwa hiyo kila mpigo una mwanzo, mwelekeo na mwisho, na mara nyingi mnaweza kusema brashi ilikuwa na upana gani. Fanyeni zoezi hilo kwa mikono yenu kabla ya kutoa hukumu juu ya kazi ya mtu.

Sasa niwaonyeshe kisa kimoja. Tuliletewa picha ya mchoro uliosemekana kuwa wa rangi ya mafuta, upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 60. Ulionyesha mwanamume akivuta mkokoteni wa kabeji asubuhi, jua likitoka upande wa kulia, nyuma yake ukuta wa manjano. Ilikuwa picha ya kupendeza, na rangi ilionekana nene kiasi kwamba ungetaka kuigusa. Aliyeituma alikuwa na adabu, na maelezo yake hayakuwa na dosari.

Niliikuza pale mpini wa mkokoteni ulipokatiza shati la yule mwanamume, kisha nikaufuata mpaka ulipotokea mbele ya ukuta. Kwenye shati, mpini ulikuwa juu: tuta lake lilipita juu ya mipigo ya bluu bila kukatika. Hilo lilikuwa sawa. Shati nalo, pembeni, lilikuwa juu ya manjano ya ukuta. Hilo pia lilikuwa sawa. Basi mfuatano ukawa wazi: ukuta kwanza, shati pili, mpini mwisho. Lakini nilipofika pale mpini ulipokutana na ukuta, niliona mpigo mmoja wa manjano ukitoka kushoto kwa mpini, mifereji yake ikiendelea upande wa kulia kana kwamba haikukatizwa na chochote, na papo hapo mpini nao ukaendelea mzima, kando zake safi. Yaani kila mmoja ulikuwa juu ya mwenzake.

Msikimbilie kusema kwamba hilo peke yake ni ushahidi. Mchoraji anaweza kurudi na manjano na kuupunguza mpini, kwa sababu mara nyingi mandhari ya nyuma hurekebishwa baada ya vitu vya mbele. Lakini marudio hayo huacha alama. Ikiwa rangi ya mpini ilikuwa bado mbichi, manjano yangebeba kahawia kidogo na kuiburuta upande wa pili. Ikiwa ilikuwa imekauka, tuta jipya la manjano lingesimama ukingoni mwa mpini, na mipigo ingeelekea kufuata urefu wake, kwa maana mkono unaokwepa kitu hupita kando yake. Nilitafuta dalili zote mbili, sikuona hata moja. Nikaangalia makutano mengine sita, kati ya kabeji na ubao, kati ya kivuli na lami, na matatu kati ya hayo yalikuwa na kasoro ileile. Kutano moja linaweza kudanganya jicho, lakini manne yenye kasoro moja yalinitosha kuliendea jambo hili kwa tahadhari.

Kisha nikapiga hesabu ambayo nawasihi muizoee. Picha ilikuwa na pikseli 1600 kwa upana, na upana uliotajwa ni sentimita 80, kwa hiyo kila sentimita ilipata pikseli 20. Kanvasi ya kawaida ya wachoraji huwa na takriban nyuzi 10 hadi 20 katika kila sentimita. Katika picha kama hiyo uzi mmoja hupata pikseli moja au mbili tu, kwa hiyo nyuzi zisingeonekana wazi hata kidogo. Lakini kwenye ile picha nilizihesabu bila shida, kila moja ikiwa na upana wa pikseli nane hivi, yaani karibu milimita nne. Hiyo si kanvasi. Uzi wa namna hiyo ni mnene kama kamba. Ama kipimo kilichotajwa hakikuwa cha kweli, ama ufumaji ule ulikuwa umeongezwa kama pambo. Tena nyuzi zilionekana kwa kiwango kilekile chini ya rangi nene ya kabeji na chini ya anga lililopakwa kwa wepesi, ilhali rangi nene huzifunika nyuzi.

La mwisho lilikuwa mwanga, na hapa ndipo wageni hukosea zaidi. Mchoro una mianga miwili. Kuna jua lililochorwa, na kuna taa au dirisha la chumba ambamo mchoro ulipigwa picha. Matuta ya rangi hayajui habari ya jua lililochorwa. Humeremeta kwa mwanga wa chumba peke yake. Kwa hiyo dirisha likiwa kushoto, vituta vyote, vya angani na vya ardhini, vitang'aa upande wa kushoto. Katika picha ile, vituta vya shati vilimeremeta kulia, sawasawa na jua lililochorwa, na vya ukutani vilimeremeta juu. Chumba chenye taa mbili huweza kutoa mng'ao pande mbili, lakini mng'ao huo ungejirudia vilevile mchoro mzima, usingebadilika kila kitu kilichochorwa kinapobadilika.

Niliomba mambo matatu: picha ya nyuma ya kanvasi pamoja na fremu ya mbao, picha ya ukingo ambako rangi huwa imemwagika au kuishia, na video fupi ya mchoro ukiinamishwa taratibu karibu na dirisha. Mtumaji alijibu kwamba kazi ilikuwa bado haijachapishwa kwenye kanvasi. Neno hilo "haijachapishwa" lilimaliza mazungumzo yetu, nasi tuliagana kwa heshima.

Njia hii ina mipaka, na mimi mwenyewe niliwahi kuivuka. Kijana mmoja alituletea picha ya mchoro wa akriliki ambayo ilikuwa laini kama nta. Sikuona mfereji wala uzi, mipigo ilikuwa imeyeyukiana, nikaandika kwamba ilizalishwa na programu. Wiki mbili baadaye alikuja na mchoro wenyewe mkononi, umefungwa kwa shuka. Niliuweka mezani na kuulaza mwanga wa tochi juu yake kutoka pembeni, na hapo kila mpigo ukajitokeza, hadi unywele mmoja wa brashi ulionaswa katika rangi. Simu yake ilikuwa imelainisha picha yenyewe bila kuambiwa, kisha ikabanwa tena ilipotumwa kwa WhatsApp. Nilimwomba radhi mbele ya wenzangu. Tangu siku hiyo sihukumu ulaini. Huomba picha itumwe kama faili, pamoja na picha za karibu za sehemu tatu ninazozichagua mimi, kila moja ikionyesha eneo la kama kiganja cha mkono.

Kuna michoro pia ambayo haina mifereji kwa asili yake. Tingatinga huchorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ambayo hujisawazisha yenyewe kabla ya kukauka, basi hapo tazameni madoa: kila doa hukaa juu ya mwili wa mnyama likiwa limevimba kidogo, na huweza kuvuka ukingo wa umbo kwa bahati mbaya ya mkono. Kwa upande mwingine, kuna picha zinazochapishwa kwenye kanvasi halisi kisha kupakwa jeli isiyo na rangi ili zionekane zina mipigo. Hizo zitashinda jaribio la mwanga, lakini hazitashinda la mfuatano, kwa kuwa matuta ya jeli huenda upande wake na rangi chini yake huenda upande mwingine.

Na mtu aliyechora kwa kalamu ya kidijitali kwenye tableti hajadanganya, mradi tu ameeleza hivyo. Mipigo yake inaweza kuwa haina vituta, ila mfuatano wake upo, na faili yenye matabaka yake anaweza kuwafungulia.

Katika daftari letu kuna nafasi tatu tu: imeonekana, haijathibitika, na imekataliwa. Picha peke yake, hata ikiwa nzuri namna gani, msiiandike zaidi ya "haijathibitika", na kando yake mwandike ni makutano gani mliyoyakagua na mliona nini, ili atakayeushika mchoro wenyewe ajue pa kuanzia kuelekeza tochi.