Kusoma mfuko wa saruji: lipu, msingi na nguzo za majini

Saruji ikishushwa saiti, usianze na jina la kiwanda wala rangi ya mfuko. Tafuta maandishi yanayoanza na CEM. Tuseme inajengwa hoteli ndogo Kigamboni: jengo la tofali za saruji, na gati dogo la boti ambalo nguzo zake zinasimama baharini. Stoo ina mifuko ya CEM II/B-P 32.5N na CEM I 42.5N. Mafundi wengi watakuambia ya 42.5 ndiyo kali, basi itumike kote. Usikubali haraka.

Namba inaeleza nguvu ambayo sampuli ya saruji na mchanga, iliyotengenezwa maabara, lazima ifikie baada ya siku 28: niutoni 32.5 au 42.5 kwa kila milimita mraba. Herufi ya mwisho inahusu nguvu za siku za mwanzo: N ni ya kawaida, R ni ya haraka. Yanayobaki yanakuambia kilichomo ndani. CEM I karibu yote ni klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja tanuruni kisha kusagwa. CEM II/B-P ina pozolana asilia, kwa kawaida majivu ya volkano, kati ya asilimia 21 na 35. Kwa kazi za nchi kavu namba ndiyo inayoamua mambo mengi. Ukifika baharini, herufi zinaanza kuwa na uzito kuliko namba.

Lipu na udongo wa kujengea tofali havihitaji 42.5. Lipu yenye saruji nyingi au kali kupita kiasi husinyaa sana inapokauka, wakati ukuta ulio nyuma yake hausogei. Matokeo yake ni nyufa ndogo ndogo kama wavu, na ukigonga kwa mpini wa nyundo unasikia mlio mtupu pale ilipoachana na ukuta. Tumia 32.5, kipimo cha saruji 1 kwa mchanga 5 ndani na 1 kwa 4 nje, unene milimita 12 hadi 15, na uloweshe ukuta kwanza. Kwenye tofali, 1 kwa 5 inatosha. Ukuta ukicheza kidogo, ni afadhali ufa upite kwenye kiungo, ambacho kinazibika, kuliko upasue tofali.

Msingi una sehemu mbili. Zege jembamba la chini lisilo na nondo, 1:3:6 yaani saruji, mchanga na kokoto, linabebwa na 32.5 bila shida. Vitako vya nguzo na mkanda wenye nondo vipe 42.5, hasa kama ratiba inataka mbao zinazoshikilia zege zitoke mapema. Ukilazimika kutumia ile ya pozolana kwenye zege lenye nondo, mhandisi arekebishe kipimo, nawe ujue inakomaa polepole: mbao zikae zaidi na kumwagilia kusipungue siku 10.

Sasa gati. Adui wa nguzo hizi ni kloridi ya chumvi inayopenya hadi kwenye nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani. Dalili ya kwanza ni doa la kahawia, kisha ufa unaofuata mstari wa nondo, kisha kipande kinabanduka. Sehemu inayoumia zaidi ni pale maji yanapopanda na kushuka, na pale mawimbi yanaporusha matone. Ile iliyo chini ya maji muda wote hukosa oksijeni ya kutosha na nondo zake hushika kutu polepole.

Kwa hiyo CEM I peke yake si chaguo bora hapa, hata kwa 42.5. Agiza CEM III, yenye masalia ya tanuru la chuma, au CEM IV yenye pozolana nyingi, kwa daraja la 42.5 ikipatikana. Vinyweleo vyake vikishakomaa huwa vidogo na chumvi hupita kwa shida. Wengine hukimbilia CEM I yenye alama ya SR kwa kuwa inastahimili salfeti. Hiyo ni nzuri kwa udongo wenye salfeti, lakini imepunguzwa kiambato kinachosaidia kunasa kloridi, hivyo nondo zako hazipati nafuu.

Aina nzuri ya saruji haiokoi zege lenye maji mengi. Kwa kipimo cha 1:1.5:3, kila mfuko wa kilo 50 upate lita 22.5 za maji, yakiwemo yaliyomo mchangani. Mchanga wa mfuko mmoja ni kama kilo 80. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5 umeshaleta lita 4, kwa hiyo unaongeza lita 18 na nusu tu. Zege litakuwa zito kumwaga. Ongeza dawa ya kulainisha, si maji. Weka biskuti za zege za milimita 50 au zaidi kati ya nondo na mbao, tetemesha vizuri, na usitumie mchanga wa ufukweni wala maji ya bahari, hata kwa kumwagilia.