Kabla ya kupakia bidhaa tovutini, maliza kwanza safuwima ya bei

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza tovuti za maduka hapa Lubumbashi, faili mtakalopewa mara nyingi ni la Ekseli ya Kifaransa, limeandikwa na watu watatu au wanne kwa zamu, na bei zimo kwa dola na kwa franka bila mpangilio. WooCommerce, programu ya duka la mtandaoni, italipakia hivyohivyo bila kuuliza. Kwa hiyo nakilini faili, la asili lisiguswe, na kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Anzeni kwa kuipa kila bidhaa namba yake katika safuwima ya SKU, kwa mfano RNG-004. Mkipakia faili mara ya pili kusahihisha bei, WooCommerce itatambua bidhaa kwa namba hiyo, ilimradi mmeweka alama kwenye chaguo la kusasisha bidhaa zilizopo. Bila SKU mtapata bidhaa mbilimbili.

Majina hayachukui muda mrefu. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi lina «Rangi nyeupe 4L», «RANGI NYEUPE lita 4» na «Rangi  nyeupe 4 l» yenye nafasi mbili katikati. Chagueni umbo moja: kitu, sifa yake, kisha kipimo. Nafasi za ziada zinaondolewa hivi:

```
=SUPPRESPACE(SUBSTITUE(A2;CAR(160);" "))
```

Hiyo `CAR(160)` ni nafasi isiyokatika. Kwa macho ni nafasi ya kawaida, lakini `SUPPRESPACE` peke yake haiiondoi. Nafasi hiyohiyo ndiyo inayoharibu bei.

Angalieni seli iliyoandikwa «12 500 FC». Mtu anasoma elfu kumi na mbili na mia tano, lakini kwa Ekseli hayo ni maneno. Dalili ni kwamba yamelala kushoto mwa seli, wakati namba hulala kulia. Kama mtu alishapanga seli zote katikati, dalili hiyo imefutika, basi tumieni `=ESTNUM(C2)`. Ikijibu `FAUX`, hiyo si namba. Kuisafisha:

```
=CNUM(SUBSTITUE(SUBSTITUE(SUBSTITUE(C2;CAR(160);"");" ";"");"FC";""))
```

Ikitoa `#VALEUR!`, huenda ndani kuna nafasi nyembamba inayotumika katika Kifaransa kutenga maelfu. Wekeni `UNICAR(8239)` mahali pa `CAR(160)`.

Hatari kubwa zaidi ni «12.500». Ekseli ya Kifaransa itakataa kuigeuza, na hapo mna bahati kwa sababu mtaiona. Kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza inageuka 12,5 kimyakimya, na mfuko wa elfu kumi na mbili unauzwa kwa franka kumi na mbili na nusu. Msikisie. Tengeni mistari yote yenye nukta na mkae na mwenye duka, mumuulize mstari mmoja mmoja: «Papa, hii ni dola ao franka?»

Jibu lake liandikeni katika safuwima nyingine, ya sarafu, kwa sababu WooCommerce ya kawaida hutumia sarafu moja tu. Duka likichagua dola na kiwango mlichokubaliana ni franka 2 500, bidhaa ya franka 30 000 inakuwa dola 12. Kiwango hicho na tarehe yake vikae ndani ya faili, kwani kikibadilika mtahitaji kujua bei zipi zilitokana na franka.

Hifadhini kwa «CSV UTF-8», la sivyo «é» za majina ya Kifaransa zitaharibika. Ekseli ya Kifaransa hutenga safuwima kwa nukta-mkato, na WooCommerce hutarajia mkato. Katika ukurasa wa kupakia fungueni chaguo za ziada, muandike `;`.

Picha nazo zipewe jina la SKU, herufi ndogo, bila nafasi: `rng-004.jpg`. Seva nyingi hutofautisha `.JPG` na `.jpg`, na Windows huficha mwisho wa jina, hivyo mnaweza kuwa na `rng-004.jpg.jpg` bila kujua. Punguzeni uzito kwanza. Picha 300 za simu zenye MB 3 kila moja ni MB 900. Zikishushwa hadi KB 120 ni MB 36 tu, na mega za kununua mnazijua bei yake.

Jaribuni na bidhaa tano zilizo mbovu kuliko zote: yenye «é», yenye senti, yenye picha mbili, iliyokuwa na nukta, na iliyokuwa kwa franka. Fungueni kila moja kwenye simu. Mkikuta picha imekosewa, faili jipya lipeni jina jipya, kama `rng-004-b.jpg`, kwa sababu mkirudia anwani ileile ya picha WooCommerce itaiona imeshapakiwa na kuacha ya zamani mahali pake.