Jumla ya riba haikubali: mwaka wa pili ulikokotoa juu ya kiasi gani?

Ninafundisha hesabu, na katika maswali ya riba ninayosahihisha kuna kosa moja ambalo haliko kwenye kuzidisha wala kujumlisha. Mwanafunzi amekokotoa kwa uangalifu, tarakimu zake ni safi, ila jumla aliyoifikia ni jibu la swali ambalo hakuulizwa. Akirudia hesabu, anapata jumla ileile, na hapo ndipo anapokata tamaa.

Chukua swali hili. Mtaji wa 200,000 umewekwa kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na riba inaongezwa kwenye mtaji kila mwisho wa mwaka. Baada ya miaka 3 jumla itakuwa kiasi gani?

Jibu ninaloletewa mara nyingi ni 272,000. Njia yake ni rahisi kuifuata: asilimia 12 ya 200,000 ni 24,000, mara miaka 3 ni 72,000, ukijumlisha na mtaji unapata 272,000. Hakuna hatua iliyokosewa kihesabu. Kilichoachwa ni maneno machache ya swali: "riba inaongezwa kwenye mtaji." Maneno hayo yanasema kwamba ile 24,000 ya mwaka wa kwanza haikai pembeni kusubiri. Inaingia kwenye mtaji, na kuanzia mwaka wa pili nayo inazaa.

Basi twende mwaka kwa mwaka. Mwaka wa kwanza riba ni 24,000, salio 224,000. Mwaka wa pili unatafuta asilimia 12 ya 224,000, ambayo ni 26,880, na salio linafika 250,880. Mwaka wa tatu unatafuta asilimia 12 ya 250,880, unapata 30,105.60, na jumla ni 280,985.60. Ukitaka njia ya mkato, ni hii:

```
200000 * 1.12^3 = 280985.60
```

Tofauti kati ya majibu mawili ni 8,985.60. Mimi humwomba mwanafunzi anionyeshe fedha hizo zimetoka wapi kabla hajafuta jibu lake, kwa sababu akiambiwa tu "tumia kanuni nyingine" ataibadilisha kanuni leo na kesho atarudi palepale. Zinatafutwa hivi. Riba ya mwaka wa kwanza, 24,000, ilizaa asilimia 12 yake katika mwaka wa pili, yaani 2,880. Katika mwaka wa tatu ikazaa 2,880 nyingine. Ile 24,000 ambayo mtaji wa mwanzo uliizaa mwaka wa pili nayo ikazaa 2,880 katika mwaka wa tatu. Na 2,880 iliyopatikana mwaka wa pili ikazaa asilimia 12 yake, yaani 345.60. Jumlisha 2,880 mara 3, kisha ongeza 345.60: ni 8,985.60 kamili. Mwanafunzi aliyeziona fedha hizo kwa macho yake haambiwi tena kwamba riba imezaa riba. Anajua kila kiasi kilizaliwa mwaka gani na kilizaliwa na nini.

Kuna sura nyingine ya kosa hili inayojificha zaidi, nayo huwapata hata watu wazima wanaotengeneza jedwali kwenye kompyuta. Safu ya salio la mwanzo inapanda vizuri mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kwa macho jedwali linaonekana linakua inavyotakiwa. Lakini safu ya riba imefungwa kwenye mtaji wa kwanza. Tuseme salio la mwanzo liko safu ya B, riba safu ya C, salio la mwisho safu ya D, na kiwango cha riba kimeandikwa E1 kama asilimia. Fomula yenye kosa ni hii:

```
=$B$2*$E$1
```

Alama ya dola mbele ya B na mbele ya 2 inaishikilia seli hiyo hata ukiinakili fomula kwenda chini, hivyo kila mwaka unapata 24,000 ileile. Kiwango cha riba ndicho kinachostahili kushikiliwa, salio liachwe litembee:

```
=B2*$E$1
```

Kisha D2 iwe `=B2+C2` na B3 iwe `=D2`, ndipo unakili kwenda chini. Ukisahihisha fomula bila kuangalia B3 unaweza kubaki na salio lisilosogea, kwa hiyo vikague vyote viwili.

Utajuaje kwamba jumla uliyonayo imetoka kwenye njia isiyo yake, hasa kama hatua hazikuandikwa? Usijaribu kwa mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza njia zote mbili zinatoa 224,000, na nimeona watu wengi wakiridhika kwa kipimo hicho. Jaribu kwa miaka 2 au zaidi, kisha gawanya salio la kila mwaka kwa salio la mwaka uliotangulia. Kama riba inaingia kwenye mtaji, kila mara unapata 1.12. Kwenye jibu lenye kosa, salio ni 224,000, halafu 248,000, halafu 272,000. Ukigawanya 248,000 kwa 224,000 unapata takriban 1.107, na 272,000 kwa 248,000 ni takriban 1.097. Swali limesema asilimia 12 kila mwaka, ilhali hesabu inaonyesha ukuaji unaopungua. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote, maana kinafanya kazi hata pale ambapo hakuna fedha, kwa mfano idadi ya watu inayokua kwa asilimia fulani kila mwaka.

Kwa miaka 3 pengo linaweza kuonekana dogo, na wapo wanaolichukulia kama kosa la kukadiria. Liangalie kwa miaka 10: njia ya riba ya kawaida inatoa 440,000, na njia ya riba juu ya riba inatoa takriban 621,170. Hakuna ukadiriaji unaoweza kuacha pengo la namna hiyo.

Hata hivyo, 272,000 si jibu baya kila mahali. Kama swali linasema mwenye fedha anachukua riba yake kila mwisho wa mwaka, mtaji unabaki 200,000 na kila mwaka unazaa 24,000. Hapo 72,000 ndiyo riba yote aliyopokea, na kutumia kipeo cha 3 ndiko kutakuwa kukosea. Kwa hiyo nasoma swali nikitafuta kitenzi kimoja tu: riba inaongezwa, au inatolewa?

Kisha natazama inaongezwa mara ngapi. Swali lilelile likisema riba inaongezwa kila mwezi, asilimia 12 ya mwaka inagawanywa kwa 12, inakuwa asilimia 1 kwa mwezi, na vipindi vinakuwa 36 badala ya 3. Jumla inafika takriban 286,154. Anayepata 280,985.60 kwenye swali hilo ameshajua kwamba riba inazaa, ila ameacha kipindi kikiwa mwaka. Mwambie aandike salio la mwezi wa kwanza, 202,000, na la mwezi wa pili, 204,020, kabla hajagusa kanuni.