Siku 30, 60 au 90 kwa NCLEX?

"Mimi ni muuguzi, nafanya zamu. Nachukua mpango gani wa benki ya maswali ya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi: siku 30, 60 au 90? Wa bei kubwa una mitihani miwili ya majaribio."

Dada, anza na hesabu ya kasi yako. Tuseme benki ina maswali 2,000. Ukifanya 50 kwa siku, ni siku 40 za kazi. Ukitoa siku za zamu ya usiku, siku 60 zinabana. Kwako ningechukua 90. Ila usiuwashe mpango kabla hujapata ATT, kibali cha kufanya mtihani, na kupanga tarehe, maana mara nyingi siku huanza kuhesabiwa ukiwasha, usome usisome. Soma masharti yao kwanza.

Majaribio mawili yanatosha: moja katikati, jingine wiki moja hivi kabla ya mtihani. Mtihani wenyewe una maswali 85 hadi 150 ndani ya saa 5, kwa hiyo kaa kitako bila simu.

Pesa yako iko kwenye maelezo ya majibu. Omba sampuli: yanaeleza kwa nini kila jibu baya ni baya? Kama yanataja tu lililo sahihi, achana nayo.

Kwenye takwimu za maendeleo, wastani wa jumla hudanganya. Ukiona 62%, fungua mada moja moja. Huenda dawa ziko 45% huku uzazi ukikubeba. Na ukirudia maswali ya zamani, alama hupanda kwa kukumbuka tu.

Akaunti ya kuchangia na mwenzio usiiguse, wakigundua, hufungwa.