Hisa za bonasi: benki haiguswi

"Kampuni yetu ndogo hapa Mwanza ina hisa 1,000 za shilingi 10,000. Faida iliyolimbikizwa ni milioni 24. Tumeamua kila hisa moja ipate moja ya bonasi. Mhasibu kadebiti benki milioni 10, sasa salio halilingani na taarifa ya benki. Kakosea wapi?"

Ndugu, kakosea hapo hapo kwenye benki. Hakuna aliyeleta fedha. Mmehamisha tu faida na kuiita mtaji. Futeni ingizo hilo, kisha muandike:

Debiti: Faida iliyolimbikizwa 10,000,000
Krediti: Mtaji wa hisa 10,000,000

Mtaji unakuwa milioni 20, faida inabaki milioni 14. Jumla ni 34 ile ile ya mwanzo. Ikibadilika, jua kuna kosa. Benki ingedebitiwa kama mngeuza hisa mpya. Hisa ikiuzwa 15,000, basi 10,000 huenda kwenye mtaji na 5,000 kwenye akaunti ya premiamu ya hisa.

Kabla ya hayo, soma katiba ya kampuni. Mtaji ulioidhinishwa ukiwa hisa 1,500, hizo 1,000 hazitoshei. Wanahisa wapitishe kwanza azimio la kuuongeza. Ugawaji uandikishwe BRELA, na daftari la wanahisa lisisahaulike (husahaulika sana).

Lililo zito ni kodi. Kugeuza faida kuwa mtaji kunaweza kuhesabiwa kama gawio, na gawio hukatwa kodi ya zuio. Mwoneni mshauri wa kodi kabla hamjasaini azimio.